Utambulisho wa siku ya kwanza kazini: mtarajali aseme nini kwa wenzake na kwa msimamizi wake

Na Mwandishi Wetu

Mhitimu aliyepangiwa mafunzo ya utarajali katika ofisi ya umma hufika asubuhi ya siku ya kwanza akiwa na bahasha yenye barua ya kupangiwa, nakala za vyeti na kitambulisho. Barua hupokelewa masjala, hugongwa muhuri, kisha hufikishwa kwa Afisa Utumishi, ambaye humweleza taratibu za ofisi na kumsindikiza hadi katika kitengo atakachofanyia kazi. Hadi hapo makaratasi ndiyo yanayomsemea. Mlango wa kitengo unapofunguliwa na watumishi kuinua macho kutoka kwenye majalada yao, Afisa Utumishi husema maneno machache tu: "Tumepata mgeni. Karibu ujitambulishe."

Utambulisho huo hauchukui hata dakika moja, na pengine ndiyo sababu wahitimu wengi hawauandai. Mtu huandaa nguo, nauli na vyeti, lakini maneno huyaachia yajitokeze yenyewe. Yanayojitokeza kwa kawaida ni vipande vya barua ya kuomba kazi aliyoiandika miezi kadhaa iliyopita, na barua hiyo iliandikwa kwa lengo jingine kabisa. Mwombaji wa kazi hujieleza ili achaguliwe. Mtarajali amekwisha kuchaguliwa, naye hujieleza ili watu watakaofanya kazi naye wajue wamwite nani, atakuwa nao kwa muda gani, na ni kazi ipi wanaweza kumkabidhi bila wasiwasi.

Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Kazi katika kitengo chenye shughuli nyingi hugawanywa haraka, na anayegawa hukumbuka alichosikia. Mtarajali ambaye hakuna aliyeelewa anaweza kufanya nini hupewa kazi ambazo mtu yeyote anaweza kuzifanya: kutoa nakala, kupeleka majalada, kupiga chapa barua. Hapewi kazi hizo kwa kukomolewa. Ni kwamba hakuna anayejua ampe kitu gani kingine. Yule aliyejisifu kupita uwezo wake hukabidhiwa jambo zito wiki ya kwanza, akaliharibu, na kwa wiki nyingi zinazofuata hakabidhiwi tena jambo la maana. Kwa mafunzo ya miezi sita, wiki nne zilizopotea kwa sababu hiyo ni sehemu kubwa ya muda wote.

Ni vema kufafanua kwanza tofauti ya maneno mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Mafunzo kwa vitendo ni ya mwanafunzi ambaye bado yuko chuoni, huchukua wiki kadhaa na huwa na alama zinazorudi chuoni. Mafunzo ya utarajali ni ya mhitimu aliyekwisha kumaliza masomo na anayejenga uzoefu wa kazi. Nchini, TaESA ni miongoni mwa vyombo vinavyoyaratibu. Yanayoelezwa hapa yamejengwa juu ya mfano wa mhitimu, ingawa mwanafunzi aliye katika mafunzo kwa vitendo anaweza kuyatumia kwa kubadilisha muda na jina la chuo.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mhitimu ambaye tutamwita Rehema Salehe. Ana shahada ya kwanza ya ununuzi na ugavi, na amepangiwa miezi sita katika Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi cha halmashauri ya wilaya. Ndani ya kitengo kuna mkuu wake, ambaye ndiye atakayemsimamia, maafisa ugavi watatu na mtunza stoo mmoja ambaye amebakiza miaka michache astaafu. Rehema hajawahi kuajiriwa. Alipokuwa mwaka wa pili chuoni alifanya mafunzo kwa vitendo ya wiki nane katika stoo ya dawa ya hospitali, na huo ndio uzoefu wote alio nao.

Usiku wa kuamkia siku ya kwanza ameandika hivi:

"Habari zenu. Kwa majina naitwa Rehema. Nimezaliwa mwaka 2001, ni mtoto wa tatu katika familia ya watoto watano. Nimesoma shule ya msingi, sekondari na hatimaye chuo kikuu, ambako nimehitimu shahada ya ununuzi na ugavi kwa daraja la juu. Mimi ni mchapakazi, ninajituma, na ninaweza kufanya kazi na watu wote. Ninajua kompyuta. Naomba ushirikiano wenu. Asanteni."

Hakuna uongo katika maneno hayo, wala hakuna utovu wa adabu. Ni utambulisho unaosikika katika ofisi nyingi, na waungwana hupiga makofi kidogo ukimalizika. Hata hivyo, hebu tujiweke katika nafasi ya mtunza stoo aliyeacha kuhesabu katoni za karatasi ili amsikilize mgeni. Mwaka wa kuzaliwa na idadi ya ndugu havimsaidii kwa lolote. Shule ya msingi na sekondari anazijua bila kuambiwa, kwa kuwa hakuna afikaye chuo kikuu asipitie huko. Daraja la juu linaweza hata kumkwaza, hasa ikiwa yeye mwenyewe alianza kazi kwa cheti na akajifunza mengine yote kwa miaka ishirini ya kuhesabu mali ya serikali.

Maneno "mchapakazi" na "ninajituma" yana kasoro ya aina nyingine: hayathibitishiki papo hapo, na kila mgeni huyasema. Msikilizaji huyapitisha sikioni kama anavyopitisha salamu. Uchapakazi wa mtu huonekana siku ya tano au ya kumi, naye hana namna ya kuutanguliza kwa kuutaja.

Sentensi fupi kuliko zote ndiyo yenye gharama kubwa kuliko zote. "Ninajua kompyuta" ni kauli ambayo kila msikilizaji ataitafsiri anavyotaka. Rehema anamaanisha kwamba anaweza kutumia Excel kupanga orodha na kujumlisha. Afisa aliyelemewa na barua atasikia kwamba amepatikana mpiga chapa. Mwingine atasikia kwamba amepatikana fundi wa kurekebisha mashine ya kuchapishia inapokwama. Kufikia Ijumaa Rehema atakuwa ameketi mbele ya kompyuta ya kitengo akipiga chapa mihtasari ya vikao, na itakuwa vigumu kumwondoa hapo kwa sababu anaifanya kazi hiyo vizuri.

Kisha kuna yale ambayo hakuyasema. Hakusema atakuwepo kwa muda gani, kwa hiyo wengine watadhani ni mwajiriwa mpya na wengine watadhani ni mwanafunzi wa wiki chache. Hakusema atakuwa chini ya nani, kwa hiyo kila mtu atajiona ana haki ya kumtuma. Na hakutaja kazi hata moja aliyowahi kuifanya kwa mikono yake, ilhali anayo.

Kazi hiyo moja ndiyo nguzo ya utambulisho wote. Inafaa iwe mahususi kiasi kwamba mtu wa fani hiyo akiisikia anaiona machoni: ilifanyika wapi, kwa muda gani, na mikono ilishika kitu gani. "Nina uzoefu wa stoo" haitoshi, kwa sababu yaweza kuwa mwaka mzima au siku mbili za kutembezwa. "Nilikaa wiki nane katika stoo ya dawa, nikiandika leja na kuhesabu bidhaa kila mwisho wa wiki" ni jambo ambalo mtunza stoo ataweza kulifanyia hesabu akilini mwake: huyu anajua leja ni nini, anajua hesabu ya mkononi na ya kwenye kitabu zinaweza kupishana, na sitaanza naye kwenye herufi ya kwanza.

Rehema anaandika upya:

"Shikamooni wakubwa zangu, na habari za asubuhi kwa wote. Naitwa Rehema Salehe, mnaweza kuniita Rehema. Nimehitimu shahada ya ununuzi na ugavi mwaka jana, na nimepangiwa hapa kwa mafunzo ya utarajali ya miezi sita kuanzia leo, chini ya Mkuu wa Kitengo. Nilipokuwa chuoni nilikaa wiki nane katika stoo ya dawa ya hospitali, nikiandika leja na kuhesabu bidhaa kila mwisho wa wiki. Upande wa zabuni nimeusoma tu, sijawahi kuushughulikia, na ndio ninaotamani zaidi kujifunza. Nikikosea, naomba mnielekeze. Asanteni."

Urefu umeongezeka kiasi, lakini kwa mwendo wa kawaida wa kuzungumza maneno haya huisha kabla ya dakika moja kutimia. Kilichobadilika ni kwamba kila sentensi sasa inampa msikilizaji kitu cha kutumia. Jina limesemwa mara mbili, kwanza kamili kama lilivyo kwenye barua, kisha lile la kuitwa. Jina moja lililosemwa haraka mlangoni husahaulika kabla mgeni hajakaa. Muda umetajwa. Msimamizi ametajwa kwa cheo chake, na kwa adabu wote wamejulishwa kwamba kazi zitapitia kwake. Shahada imetajwa kwa nusu sentensi, bila daraja.

Baadhi ya wahitimu huogopa kusema "sijawahi kuushughulikia" mbele ya watu wasiowajua, wakidhani wanajishushia hadhi. Katika ofisi ya ununuzi mambo huwa kinyume. Zabuni ina nyaraka ambazo kosa moja ndani yake laweza kuzaa malalamiko ya mzabuni au hoja ya ukaguzi, na maafisa wanaozishughulikia humwogopa zaidi mgeni anayedai kuzijua kuliko yule anayesema hazijui. Mipaka iliyotajwa mapema huwafanya wamwamini katika lile moja alilosema analiweza. Jambo la kuangalia ni kwamba mpaka utajwe mara moja, kwa sauti ya kawaida, bila kuomba radhi. Anayerudia mara tatu kwamba yeye ni mgeni, hajui kitu, wamvumilie, humaliza utambulisho bila kuacha jambo la kushikwa.

Je, asiye na hata wiki nane afanyeje? Atafute zoezi moja la masomoni lililokuwa na kazi ya kweli ndani yake na alitaje kama lilivyo. Mhitimu wa uhasibu anaweza kusema: "Usuluhishi wa hesabu za benki nimeufanya kwa mazoezi ya darasani tu, bado sijaufanya kwa taarifa halisi za ofisi." Mwingine ataja utafiti wake wa mwisho, lakini kwa jambo alilochunguza na mahali alipokusanya taarifa, kwa kuwa kichwa cha utafiti kilichosomwa chote kwa Kiingereza huwachosha wasikilizaji kabla ya kufika mwisho.

Salamu zinahitaji maelezo yake, kwani ofisi ya umma huwa na watu wa rika tofauti ndani ya chumba kimoja. Mtunza stoo aliyekaribia kustaafu atatambua mara moja kwamba hakuamkiwa, na ataliweka moyoni. Afisa ugavi wa miaka thelathini, kwa upande mwingine, mara nyingi hafurahii kuamkiwa na mtu aliyemzidi miaka michache tu. Ndiyo sababu salamu ya Rehema ina sehemu mbili: shikamooni kwa wakubwa, habari za asubuhi kwa wote, na kila mmoja hujiweka anapostahili. Baada ya shikamooni asubiri kuitikiwa marahaba ndipo aendelee. Wengi kwa hofu huunganisha salamu na jina kwa pumzi moja, na jina hufunikwa na sauti za wanaoitikia.

Kuhusu vyeo, neno "Mheshimiwa" huendana na viongozi kama mbunge, diwani, Mwenyekiti wa Halmashauri au Mkuu wa Wilaya. Mkurugenzi Mtendaji huitwa Mkurugenzi, na mkuu wa kitengo huitwa Mkuu. Neno "bosi" liachwe hata kama wengine ndani ya chumba wanalitumia kwa mazoea yao. Kuwaita wenzake kaka, dada au mama ni jambo la kusubiri kidogo. Kila kitengo kina desturi yake, na mtu hujua ndani ya siku mbili ni nani anaitwa Mama Fulani na kila mtu na ni nani anayependa jina lake litajwe.

Jambo jingine ambalo wageni wengi hawalitarajii ni kwamba utambulisho hausemwi mara moja. Rehema atajitambulisha kitengoni, kisha atasindikizwa fedha, mipango, masjala na kwa mwanasheria, na pengine Jumatatu inayofuata asimame katika kikao cha asubuhi. Huko kwingine maelezo ya stoo ya dawa hayahitajiki. Sentensi mbili zatosha: "Naitwa Rehema Salehe, ni mtarajali katika Kitengo cha Ununuzi kwa miezi sita, chini ya Mkuu wa Kitengo. Nitakuwa ninaleta na kufuata majalada ya ununuzi hapa kwenu." Mtumishi wa masjala anayejua kwamba binti huyu hutumwa na Ununuzi hatampa usumbufu anapokuja kuulizia jalada.

Mazungumzo na msimamizi ni jambo tofauti, na kosa la kawaida ni kumrudishia maneno yaleyale yaliyosemwa mbele ya wote. Msimamizi ameshayasikia. Anapomwita mtarajali mezani kwake, saa chache baadaye au siku inayofuata, anatafuta jibu la swali lake mwenyewe: nikuanzishie wapi, na ni lipi nisikuachie peke yako? Hapa kuna nafasi ya dakika mbili au tatu, na inafaa mtarajali awe ameandika mambo yake kwenye nusu karatasi. Kuitazama karatasi mbele ya msimamizi si aibu. Huonyesha kwamba mtu alijiandaa.

Njia nyepesi ni kupanga ujuzi katika ngazi tatu: niliyoyafanya, niliyoyafanya kama zoezi, na niliyoyaona au kuyasoma tu. Rehema atasema hivi:

"Mkuu, naomba nikueleze kwa ufupi nilipofikia. Kazi za stoo, yaani kupokea bidhaa, kuandika leja na kuhesabu, nimezifanya, na nikielekezwa utaratibu wa hapa ninaweza kuanza nazo chini ya uangalizi wa mtunza stoo. Mpango wa ununuzi wa mwaka nimewahi kuuandaa kama zoezi la darasani. Mfumo wa NeST nimeonyeshwa tu na mwalimu, sijawahi kuutumia. Ndani ya miezi hii sita ningependa kuifuatilia zabuni moja kuanzia mahitaji ya idara hadi mkataba, kwa kadiri siri za kazi zitakavyoruhusu. Na kuna jambo moja la ratiba: nimejisajili kufanya mitihani ya Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, nayo inaangukia ndani ya kipindi hiki. Nitaleta maombi ya ruhusa kwa maandishi mapema."

Maelezo kuhusu NeST yanastahili kuangaliwa kwa karibu. Huu ndio mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika mwaka 2023 ukichukua nafasi ya TANePS, na taasisi za umma hufanyia humo michakato yao ya ununuzi. Kila afisa huingia kwa akaunti yake mwenyewe, na kila kinachofanywa ndani ya akaunti hiyo hubeba jina lake. Mtarajali aliyejigamba kwamba anaufahamu mfumo anaweza kujikuta, siku ya shughuli nyingi, akiambiwa na afisa aliyechoka: "Hii hapa nywila yangu, niingizie haya." Akikubali, ameshika kitu asichopaswa kukishika, na kosa likitokea litakuwa la wawili. Akikataa katika wiki ya kwanza, ataonekana mjuaji. Sentensi moja ya utambulisho, kwamba hajawahi kuutumia na angependa kukaa pembeni ya afisa akitazama, humwepusha na njia hizo zote mbili.

Maneno "kwa kadiri siri za kazi zitakavyoruhusu" nayo hayakuwekwa kwa mapambo. Zabuni hupita katika mahitaji ya idara, mpango, tangazo, ufunguzi, tathmini, maamuzi ya Bodi ya Zabuni, kisha mkataba. Hatua ya tathmini ni ya siri, na wanaoifanya huteuliwa rasmi. Mtarajali anayeomba kuona kila kitu bila kutaja mpaka huo humlazimisha msimamizi kuanza uhusiano wao kwa kukataa. Aliyeutaja mwenyewe humrahisishia, na msimamizi huweza kumpangia zabuni ndogo ambayo hatua zake za wazi atazifuata zote.

Suala la ratiba lisemwe siku hiyohiyo. Mitihani, miadi ya kliniki, au safari iliyopangwa kabla ya barua ya kupangiwa, vyote huonekana vya kawaida vikisemwa mwanzoni, na huonekana visingizio vikisemwa siku mbili kabla. Vivyo hivyo kwa hali ya afya au ulemavu unaohitaji mpangilio maalumu, kama vile usikivu hafifu unaomfanya mtu ahitaji kukaa karibu na anayezungumza, au ugumu wa kupanda ngazi. Hayo si ya kutangazwa mlangoni mbele ya wote, ila msimamizi akiyajua mapema anaweza kupanga kiti, chumba au saa ipasavyo.

Mwishoni mwa mazungumzo hayo mtarajali anapaswa kuwa na majibu ya mambo matatu: nani atampa kazi msimamizi anapokuwa safarini, ni kazi gani anategemewa awe ameifahamu ifikapo mwisho wa wiki ya kwanza, na nani atasaini kumbukumbu zake za kila siku. Akitoka bila majibu hayo, utambulisho ulikuwa wa upande mmoja.

Yapo mambo ambayo hayana nafasi katika utambulisho wowote kati ya hizi mbili. Kabila, dini na kama mtu ameoa au ameolewa si sehemu ya kazi, hata kama mwenyeji ataanzisha utani wa watani wa jadi. Utani ujibiwe kwa tabasamu na mazungumzo yaendelee. Chama cha siasa kisitajwe kabisa, kwani maadili ya utumishi wa umma yanadai kutofungamana na upande wakati wa kutoa huduma, na mtarajali yumo ndani ya ofisi hiyo. Habari za ndani za mahali alipojifunzia awali, kwa mfano bidhaa zilizopotea katika stoo fulani, zisitajwe hata kama mfano mzuri. Anayezisikia hujiuliza ni nini kitakachosimuliwa kuhusu ofisi hii miezi sita ijayo. Zaidi ya yote, asitaje jina la mkubwa anayefahamiana na familia yake. Wapo wanaolitaja kwa nia njema, wakidhani litafungua milango. Kwa kawaida hufunga midomo, na mtarajali hubaki akisahihishwa kwa tahadhari au kutosahihishwa kabisa.

Kuhusu maandalizi yenyewe, kuandika tu hakutoshi, kwa kuwa sentensi nzuri ya kusomwa huweza kuwa nzito ya kutamkwa. Rehema asome maandishi yake kwa sauti akiwa amesimama, simu ikimrekodi, kisha ajisikilize mara moja. Atagundua mahali anapoishiwa pumzi; hapo sentensi ikatwe mara mbili. Atagundua pia maneno ya Kiingereza yaliyojipenyeza kwa mazoea ya chuoni. Mtunza stoo anasema leja, kupokea na kutoa. Atumie maneno hayo. Baada ya hapo asikariri neno kwa neno. Akumbuke mpangilio tu: salamu, jina, muda na msimamizi, kazi moja, jambo la kujifunza. Aliyekariri akikatizwa hupotea, na atakatizwa, maana simu italia au mtu atauliza, "Salehe yupi, yule wa Kondoa?" Mwenye mpangilio hujibu swali na kurudi alipoachia.

Dalili za kwamba utambulisho umefika huonekana mapema. Siku ya pili watu humwita kwa jina badala ya "wewe binti" au "mwanafunzi". Mtu humletea swali linalohusu lile alilolitaja: mtunza stoo anamwambia, "Njoo tuhesabu hizi rimu, wewe si umesema unajua leja." Dalili za kinyume nazo ni wazi. Akiulizwa siku ya tatu kama yuko hapo kwa wiki mbili, muda haukusikika. Akitumwa na watu wanne kwa wakati mmoja, jina la msimamizi halikusikika. Hakuna haja ya kuitisha kikao kurekebisha, atumie nafasi hiyohiyo anapoulizwa au kutumwa: "Niko hapa hadi mwezi wa sita," au "Nitafanya, naomba kwanza nimjulishe Mkuu, kwa kuwa amenipa kazi ya leja."

Abaki pia na kumbukumbu ya nani hakuwepo siku ya kwanza. Katika halmashauri karibu kila siku kuna mtu aliye safarini kikazi vijijini, likizo au kwenye mafunzo, na afisa ugavi wa tatu aliyerudi Alhamisi atakuta mtu asiyemjua ameketi karibu na kabati la majalada yake. Asisubiri kuulizwa. Asimame, amsalimu, na amwambie zile sentensi mbili fupi kabla afisa huyo hajaweka mkoba wake mezani.